Makaa ya Juu ya Kifuniko

Kahaso aliitwa mwizi wa makaa mbele ya watu, na makaa hakuiba. Aliyemwita hivyo ni Fridah, mke wa Gilbert, mwanamke ambaye Kahaso alimpikia miaka tisa pale Ukunda. Alimwita bombani, saa moja ya asubuhi, foleni ya ndoo imefika barabarani.

Nyumba ya Gilbert ilikuwa nyumba ya watu kumi na mmoja. Yeye na mkewe, watoto wao watano, na wapangaji wanne kutoka bara, vijana wa hoteli za Diani ambao kodi yao ilikuwa pamoja na chakula. Mmoja anatoka zamu, mwingine anaingia, na kila mmoja akirudi anataka sahani yake iwe ya moto. Kahaso alipika kwa majiko mawili ya makaa, nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Jiko la gesi lilikuwapo ndani, lakini hilo lilikuwa la Fridah, la chai ya asubuhi na mayai. Maharage yakiwekwa juu ya gesi, Fridah alikuwa akipiga kelele kama aliyeunguzwa yeye.

Gunia la makaa lilinunuliwa kwa Baya, muuza makaa, kwa shilingi mia na themanini, na lilikaa siku saba. Tangu Kahaso aanze kazi lilikaa siku saba. Hakuna aliyeuliza mpaka Fridah alipoingiwa na hesabu. Jumapili moja alikaa jikoni na kopo tupu la mafuta ya kimbo, akapima makaa yote yaliyotiwa kwenye majiko, asubuhi mpaka jioni. Yakatoka makopo sita. Gunia lina makopo sitini. Basi linatakiwa likae siku kumi.

"Sasa hizo siku tatu huwa zinaenda kwako, Mama Chome?" alimuuliza siku ya pili, bombani, ndoo ya Kahaso ikiwa bado nusu.

"Siku gani, Mama Cliff?"

"Usijifanye. Kila wiki unanimalizia makaa ya siku tatu. Nimepima mwenyewe. Wewe ni mwizi, na mimi nimekulea miaka tisa!"

Wanawake wakageuka. Atieno, anayeuza samaki wa kukaanga pale njiani, akacheka kidogo puani. "Kumbe ndiyo maana kwake moshi haukatiki," akasema, na wengine wakamsaidia kucheka.

Kahaso akajitwika ndoo yake ile nusu, akaondoka. Alijua makaa yalikokwenda. Jumapili nyumba ile ilikula ugali. Siku nyingine sita ilikula wali wa nazi, kwa kuwa wapangaji wenyewe waliutaka, na wali wa watu kumi na mmoja haupikwi kwa moto wa chini peke yake. Maji yakikauka unapalia: unachota makaa yaliyokolea kwenye jiko la maharage, unayatandaza juu ya kifuniko, na chini unaacha machache. Jiko la maharage nalo unalitia mengine, la sivyo maharage yanalala mabichi. Yale ya juu yanaishia majivu pale pale. Fridah, kwao bara wali haupaliwi, na kwa miaka tisa aliyokula wali ule hakuwahi kutoka nje kuutazama unavyopikwa.

Kahaso alimweleza jioni. Fridah akasema, "Makaa juu ya kifuniko! Hebu nitolee hadithi." Hakumfukuza. Alianza kumpimia tu, makopo sita kila asubuhi, na wali ukawa unatoka na viini vibichi. Wapangaji wakalalamika, lawama ikawa ya mpishi.

Mwezi uliofuata akaja Gillian, dada yake Gilbert, aliyeolewa Ujerumani. Alileta sufuria ya umeme, nzito, mfuniko wake unazungushwa na kufungwa, juu una kidude cha kutolea mvuke. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa amekiona kitu kile. Gillian alikuwa mtu wa kupenda kujua. Aliposikia maneno ya makaa, alisema, "Wifi, tusibishane. Jumamosi tupime mioto yote mitatu."

Wakapima. Kilo moja ya maharage makavu kila sufuria, saa tatu kamili asubuhi. Friji ikachomolewa, taa zikazimwa, Gillian akasoma mita. Mtungi wa gesi ukabebwa kwa Baya ukapimwa kwenye mizani yake, kabla na baada. Makaa akayahesabu yeye mwenyewe, kopo kwa kopo.

Sufuria ya umeme ilinguruma, ikatoa mvuke kidogo, ikanyamaza. Fridah alitaka kuifungua, Gillian akamshika mkono: "Utatuua! Mpaka pumzi iishe ndani." Saa nne na robo ilifunguliwa, maharage yamelainika kama yamelala majini usiku kucha. Ya gesi yaliiva saa tano na nusu. Ya makaa yalikaribia saa sita, na Kahaso amekaa hapo hapo akipuliza.

"Gesi imekula shilingi kumi na tatu," alisema Gillian, akisoma karatasi yake. "Makaa, saba na nusu. Umeme ni nusu yuniti, hata shilingi nne haifiki."

"Na wali?" Kahaso akauliza. 

Akapika wali wake. Gillian akachuchumaa karibu, akamwona akichota, akitandaza, akilijaza upya jiko la maharage. Jioni, baada ya ugali wa watoto na maji ya kuoga, akajumlisha. Makopo nane na nusu.

"Siku saba," Gillian akasema. "Wifi, gunia ni siku saba. Huyu mama hakuchukua hata kipande."

Kahaso alisimama na sinia mkononi, akingoja. Fridah aliitazama karatasi, akaitazama sufuria mpya.

"Kumbe makaa ni hasara hivyo," akasema. "Basi hatuyahitaji tena. Mama Chome, mwisho wa mwezi upumzike. Hii nitaiwasha mwenyewe niende zangu kazini."

Ndivyo ulivyokuwa ushahidi wake. Ulimtoa kwenye wizi pale jikoni, ukamtoa na jikoni kwenyewe. Gillian alisema, "Pole, mama," akarudi Ujerumani na karatasi yake. Bombani hakuna aliyeiona karatasi. Kila nyumba aliyokwenda kuomba kazi ya kufua au kupika, walimtazama, wakasema watamwita.

Mwezi wa tatu tangu aachishwe kazi, transfoma ya mtaa ikaungua. Siku ya nne ya giza, gesi nayo ikaisha, wapangaji wakatishia kuhama. Fridah alikuja mwenyewe Kona ya Musa, mpaka chumbani kwa Kahaso.

"Hodi. Shikamoo, Mama Chome." Miaka tisa hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba."

"Rudi, mama. Makaa nimenunua magunia mawili. Sitapima."

"Nitarudi. Twende kwanza bombani kesho asubuhi, useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba hakuiba Mama Chome. Pale uliponiita mwizi, hapo hapo unisafishie jina langu."

Fridah akacheka, kisha akaacha. "Watu walishasahau hayo."

"Basi hutaona haya kuwakumbusha."

"Nitakuongezea mshahara, lakini hilo la kujidhalilisha mbele ya kina Atieno, hapana."

"Mimi nilikuwa mbele ya kina nani?"

Fridah aliondoka, akamwajiri msichana kutoka Msambweni, ambaye bila shaka naye anapalia.

Kahaso sasa anauza maandazi njiani, na wapo wasionunua. Mshahara wake alilipwa wote. Anachodai ni maneno matatu, Mama Chome hakuiba, yasemwe kwa sauti, bombani, saa moja asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Anayedaiwa ni Fridah, mke wa Gilbert. Bado hajalipa.