Koma Iliyofungua Mto

Kwa miaka kadhaa baada ya kustaafu ualimu nimekuwa katibu wa chama cha watumiaji maji cha mto mmoja unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Ofisi yetu iko Naro Moru, juu ya duka la mbegu, na ina harufu ya dawa ya mahindi hata siku ambazo duka limefungwa. Huku juu tunalima viazi na kabeji. Mto ukishatupita unaenda Laikipia, kwa wafugaji, wengine wao wakitoka mbali kama Doldol na ng'ombe wao kiangazi kikikaza. Tukichota sana sisi, wao hupata mchanga. Hilo kila mtu analijua, na watu walishakatana mapanga kwa ajili yake kabla chama hakijaanzishwa.

Amani ililetwa na faili. Mtaalamu wa mito kutoka Uholanzi, mama mmoja mpole anayependa chai bila sukari, alituwekea rula kubwa ya chuma ndani ya mto na kututengenezea jedwali la hesabu kwenye kompyuta. Msoma rula huangalia kina cha maji, kisha hutazama karatasi iliyopigwa plastiki pale ukingoni, ambayo humwambia kina hicho ni maji kiasi gani yanayopita kwa sekunde. Kiasi hicho anakituma kwa simu. Karani wetu anakiandika katika faili, na faili inakilinganisha na kiwango tulichokubaliana wote, wa juu na wa chini. Maji yakiwa chini ya kiwango, safu ya mwisho inaandika FUNGA, na malango ya mifereji yote ya huku juu yanafungwa mpaka wenzetu wapate. Yakiwa juu, inaandika FUNGUA. Kila Jumatatu neno hilo hutumwa kwa walinzi wa malango. Faili yenyewe ilikuwa ikisafiri: wiki hii iko kwetu, wiki ijayo yule mama ameifungua kule kwao kuitazama.

Tuliapa kwamba hakuna binadamu atakayeruhusiwa kubishana na neno la faili. Mwenyekiti hana shamba lake ndani ya faili, mimi sina ukoo wangu ndani ya faili, na hivyo ndivyo wafugaji walivyokubali kuketi nasi meza moja. Nilijivunia jambo hilo, na sioni haya kusema.

Sasa, ile karatasi ya ukingoni ilichapishwa Uholanzi. Kwao desimali huandikwa kwa koma. Mahali ambapo mimi niliwafundisha watoto kuweka nukta, wao huweka koma, na kinyume chake. Msoma rula alituma kama alivyoona, kwa koma. Karani wetu, binti aliyesomea kompyuta Karatina, alikuwa akigeuza kila koma kuwa nukta bila kumwambia mtu, na mambo yalikwenda sawa msimu mzima.

Kisha mwenyekiti akapanda ngazi siku moja, akavaa miwani, akalinganisha ujumbe wa simu na kilichoandikwa kwenye faili.

"Hii si ile alituma," akasema. "Mbona umebadilisha?"

"Sijabadilisha, mzee. Ni nukta tu, ndio kompyuta yetu inaelewa."

"Wale wa chini wakiona hii, watasema ati tunapika hesabu. Na huyo mama ndiye alituletea rula. Mgeni njoo, mwenyeji apone, halafu sisi tunamsahihisha?"

Alilileta kwenye kamati. Ikapitishwa kwamba nambari zinakiliwe zilivyo kwenye karatasi ya mgeni, koma kwa koma, na asiguse mtu. Lilikuwa jambo la adabu na la uaminifu pia, na hakuna aliyepinga. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi, na chai ilikuwepo.

Mvua za masika zilikuwa zimejaza mto. Faili iliandika FUNGUA kila wiki, na ilikuwa kweli. Vuli nayo ikaja, FUNGUA. Binti alipanga safu zote zikae katikati ili zipendeze, na zilipendeza kweli. Kiangazi kikaingia, nyasi za huku kwetu Kieni zikawa rangi ya ngano iliyokauka, na faili ikaendelea kuandika FUNGUA. Tulifurahi. Tulimsifu Mungu kanisani kwa mlima unaotunyeshea hata Februari.

Mzee mmoja mfugaji ndiye aliyeharibu furaha hiyo. Alikuwa mjumbe wa watu wa chini katika kamati, mtu wa maneno machache, na alikuja Naro Moru siku ambayo hatukuwa na mkutano. Alitoa simu akatuonyesha picha: mchanga mweupe, na ng'ombe wamelala juu yake wakiwa wameelekeza pua upande wa juu wa mto.

"Mto umekufa," akasema. "Niko na ng'ombe haisimami tena. Funga, hata siku chache."

Mwenyekiti aliitazama picha kwa muda. "Pole, mzee. Lakini faili inasema maji iko. Tukifunga kwa picha, kesho mtu wa huku analeta picha ya kabeji imekauka."

"Mimi nimesimama ndani ya mto na viatu."

"Naamini. Lakini tulikubaliana faili ndio inaongea."

Mzee yule hakubishana. Alikuwa miongoni mwa walioapa. Aliniangalia mimi, kwa sababu mwanawe mmoja nilimfundisha, akasema, "Mwalimu, basi nisomee hiyo faili. Yote."

Hakuna aliyewahi kuomba asomewe yote. Kila Jumatatu tulitazama safu ya mwisho peke yake, yenye lile neno. Binti akafungua kompyuta, nami nikaanza kusoma kuanzia kushoto: tarehe, kina, kiasi cha maji. Kiasi kilikuwa sifuri koma sifuri tisa. Juu ya safu, kiwango chetu cha makubaliano kilikuwa sifuri nukta moja tano. Nikaisoma tena. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba tisa chini ya mia ni ndogo kuliko kumi na tano chini ya mia. Pembeni yake paliandikwa FUNGUA. Nikashuka mstari wa chini yake, na wa chini yake. Maji yalikuwa yanapungua wiki baada ya wiki, na neno halikutikisika.

Nilihisi hasira, na sikujua ni hasira ya nani.

Binti ndiye aliyefikiria kujaribu. Aliandika kiasi cha kipuuzi, tone moja tu la maji, kwa koma. FUNGUA. Akakifuta, akaandika kilekile kwa nukta. FUNGA. Akarudia mara ya pili ili mwenyekiti aone, kisha akaondoa mikono yake kwenye kibodi na kuikunja mapajani.

Tulimpigia yule mama wa Uholanzi. Alikuwa na faili ileile mbele yake, na kwanza alisema haoni kosa. Koma zile kwake zilikuwa nambari kamili, za kupendeza, zilizoandikwa jinsi alivyofundishwa na mama yake. Nikamwambia asome na neno la pembeni. Akaingia ndani ya kisanduku kimoja kama anayetaka kukisahihisha, hakubadilisha kitu, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na neno likageuka lenyewe kuwa FUNGA mbele ya macho yake. Binti akafanya vilevile kwetu. Halikugeuka.

Alitueleza taratibu, na nikamtafsiria mzee. Nambari ya kweli haina koma wala nukta ndani ya faili. Kila kompyuta huivika nguo za nchi yake inapoionyesha, ndiyo maana kiwango chetu kilikuwa na nukta Naro Moru na koma Uholanzi, na hakikuharibika njiani hata siku moja. Tungeandika kwa nukta, yeye angeona koma, bila adabu ya mtu yeyote kuhitajika. Lakini sifuri koma sifuri tisa ikiandikwa kwenye kompyuta ya Kenya si nambari. Ni maandishi matupu, sawa na jina la mtu, na yanabaki maandishi hata yakifika Uholanzi, mpaka mtu wa huko aingie kisandukuni na kuyaandika upya. Na programu ile ina desturi yake: ukiiambia ilinganishe maandishi na nambari, haikatai wala hailalamiki. Maandishi huwa makubwa daima. Tungeweza kuandika neno "mchanga" katika safu ya maji, na faili ingesema maji yanatosha.

"Maandishi kwa kawaida huegemea kushoto, nambari kulia," akaongeza. "Ningeona. Lakini zote zilikuwa katikati."

Binti alianza kulia bila sauti. Mwenyekiti akamwambia, "Si wewe. Ni mimi nilikuambia." Namheshimu kwa hilo. Viazi vyake vilikuwa vinaanza kutoa maua wakati huo, na ni yeye aliyesema malango yafungwe siku hiyohiyo, lake kwanza.

Kabla hajaondoka, mzee aliomba tuitengeneze faili yote akiwepo. Binti akageuza koma kuwa nukta kutoka chini kwenda juu, na safu ya mwisho ikabadilika mstari mmoja baada ya mwingine: FUNGA, FUNGA, FUNGA, kupita Februari, kupita Januari, hadi ndani ya Desemba. Mzee hajui kusoma vizuri lakini umbo la neno alilijua. Alilifuata kwa kidole kwenye kioo. Nilitamani apige kelele, atutukane, apindue meza. Alisema tu, "Hapa ndio yule ng'ombe mweusi alianguka," kidole kikiwa kwenye wiki moja ya Januari. Kikapanda kidogo. "Hapa mama yake."

Maji hayashuki kwa amri. Mchanga hunywa kwanza, na mchanga ulikuwa na kiu ya muda mrefu. Watu wa huku walinung'unika, kabeji zikanyong'onyea, walinzi wa malango wakatukanwa, lakini hakuna lango lililofunguliwa. Nilikuwa sokoni Nyeri nikinunua ndizi simu ilipolia.

"Mwalimu, maji imefika," akasema mzee.

Nikasema tumshukuru Mungu. Nikamuuliza ng'ombe wanaendeleaje, kama wanakunywa.

"Maji iko mingi," akasema. "Ng'ombe ya kukunywa ndio imebaki kidogo. Moja tu na mtoto yake."

Nilisimama pale na ndizi zangu, muuzaji akisubiri. Mzee akaniuliza kama kabeji zetu zimepona, na nikamwambia zimepona.