Mita Moja na Nusu ya Gata

Kufikisha maji ya mvua kwenye tangi la mama yangu kulinigharimu shilingi elfu kumi na tatu na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Ningemsikiliza fundi, ingekuwa elfu kumi na mbili, mia sita na hamsini, na mwenyekiti wa chama cha mama angekuwa bado na raba zake nyeupe.

Chama hicho ni cha kina mama kumi na wawili wa Ngoingwa, pembeni mwa mji wa Thika. Kila baada ya muda wanamnunulia mmoja wao tangi, kisha Jumamosi moja wote wanakuja kuhakikisha kwamba maji yanaingia. Tangi lisilo na maji linachelewesha la mwenzako. Kwa hivyo tangi la mama liliposhushwa nyuma ya nyumba, alinipigia simu Ruiru, ninakoishi.

"Baba mkwe," akasema, "nyumba yangu haina gata, na wageni wanakuja Jumamosi."

Mimi ni kifungua mimba wake na nina jina la baba wa baba yangu, kwa hivyo mama huniita baba mkwe. Ni heshima kubwa. Jina hilo hulitumia hasa anapotaka nitoe pesa.

Nilifika Jumatatu na tepu yangu mwenyewe. Tulikuwa tunafunga gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, upande wa nyuma tu, ule wenye mlango wa jikoni na tangi. Nikapima ukuta wa nyuma kutoka kona hadi kona: mita kumi na mbili. Nikarudi nikapima tena, kwa maana mimi sikubali kitu mara moja. Mita kumi na mbili. Gata inauzwa kwa vipande vya mita tatu. Vipande vinne, basi, na hesabu imekwisha.

Fundi alitoka Kiganjo, mwanamke wa makamo aliyekuja na ngazi begani na penseli kwenye nywele. Hakuuangalia ukuta hata kidogo. Alisimamisha ngazi, akapanda, akapima ubao wa ukingoni mwa paa, pale gata inaposhikwa.

"Vipande vitano," akasema akiwa huko juu.

"Vinne," nikasema. "Nimepima mara mbili."

"Naamini, kastoma. Umepima nini?"

Nilishamwelewa. Fundi yeyote anayetaka kipande kimoja zaidi ana mahali anakopeleka kipande hicho. Nikamuuliza kwa upole kama ana kazi nyingine huko Theta inayopungukiwa na gata. Akacheka hadi ngazi ikatikisika. Mama akaishika.

Tulibishana pia juu ya bomba la kushusha maji. Nilikuwa nimepima kutoka mwisho wa gata hadi usawa wa mdomo wa tangi, nikapata sentimita arobaini. Yeye aliandika mita tatu.

"Arobaini, fundi. Hata tepu yako itakubali."

"Hiyo ni kwenda chini. Kwenda kando je? Mdomo wa tangi uko mita mbili kutoka hapa. Ama maji yataruka?"

Mama aliona hilo ni jambo la kucheka. Nikakubali bomba la mita tatu, kwa sababu fupi zaidi hawauzi. Kwenye gata sikukubali.

Vipande vinne nilivinunua Ruiru, ambako kila kimoja kilikuwa na nafuu ya shilingi mia kuliko Thika. Hapo nikaokoa mia nne. Usafiri wa pikapu hadi Ngoingwa ulikuwa mia sita, lakini hiyo ni hesabu nyingine.

Alhamisi fundi akaanza. Alijaza maji kwenye mpira mrefu unaoonyesha ndani, akashika ncha moja mwisho wa paa upande wa jikoni, mama akashika nyingine upande wa tangi. Maji yalipotulia, kila mmoja akaweka alama. Kisha fundi akaenda upande wa tangi, akaweka alama nyingine sentimita saba chini ya ile ya mama, akapigilia msumari, akavuta uzi.

"Ngai!" mama akasema. "Mbona uzi umelala? Watu watasema nimejengewa na mlevi."

"Mama, kila mita inashuka nusu sentimita. Mita kumi na tatu na kidogo, hiyo ni saba. Nikifunga sawasawa, maji yatasimama humo juu na utafuga mbu."

Mama akarudi hadi kwenye ua, akafumba jicho moja, akasema hauonekani kulala sana. Mimi nilikuwa nimenasa mahali pengine.

"Mita kumi na tatu umezitoa wapi?"

Hapo ndipo fundi aliposhuka, akanishika mkono wa shati kama mtoto wa nasari, akanisimamisha kwenye kona ya nyumba na kuniambia niangalie juu. Paa lilikuwa limeupita ukuta. Sentimita sitini upande huu, sitini upande ule.

"Mvua haishuki kutoka kwenye ukuta, kastoma," akasema.

Mita kumi na tatu na sentimita ishirini. Tena, kila kipande hupanda juu ya mwenzake sentimita kumi, cha juu kikikaa ndani ya cha chini ili maji yasipenye kwenye kiungo. Vinne vyangu vikawa mita kumi na moja na sentimita sabini. Nikapendekeza tuvipandishe kidogo tu.

"Na nitaviunganisha na nini? Maombi?"

Mtu mwenye akili angeenda kununua cha tano. Mimi nilisema funga vilivyopo, hiyo mita na nusu inayopungua haina maji ya kumnyima mtu usingizi. Alianzia upande wa tangi, kwa hivyo pengo likabaki upande wa jikoni, na vishikizio vitatu vitupu vimetoka ubaoni kama mikono inayoomba.

Jumamosi kina mama walikuja, na saa tisa ikaja mvua. Maji yalikimbia kwenye gata, yakapita kwenye bomba, na tukayasikia yakinguruma ndani ya tangi. Kina mama wakapiga makofi. Mwenyekiti akataka kuona kwa macho yake, akafungua mlango wa jikoni, akatoka kizingitini. Maji yote ya ile mita na nusu yalimngojea hapo. Yalikuwa yameshachimba shimo mbele ya kizingiti, na raba zake zikaingia ndani ya tope hadi kwenye kamba.

Kisha mama, kwa sauti ya kukaribisha mgeni:

"Baba mkwe, njoo uone ulichookoa."

Mwenyekiti alisema tangi linapokea, hilo analikubali, lakini chama hakitahesabu kazi imekwisha mpaka mtu aweze kutoka jikoni akiwa mkavu. Tangi la mwanachama anayefuata likabaki likisubiri. Jumatatu asubuhi nilinunua kipande cha tano Thika, bei yao, na nikakileta kwa boda boda nikikishika kama mkuki. Fundi alilipwa tena mia tano. Hakunicheka, alinipa tepu nimshikie, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kilibaki kipande cha mita moja na sentimita arobaini. Mama anataka kifungwe kwenye banda la kuku, maji yaingie kwenye ndoo yao, na amesema nipime mimi, kwa sababu ninapenda kupima. Jana nilisimama mbele ya banda na tepu mkononi. Ukuta nauona vizuri, na paa nalo naliona limeupita, lakini sikuthubutu. Nilimpigia fundi.

"Fundi, samahani kukusumbua. Kabla sijavuta tepu: nianzie wapi, na ndoo niiweke upande gani?"