Pande la Mama Mkwe

Miaka ile bandari ya Mtwara ikijengwa, niliolewa Mikindani, kwenye nyumba ambayo mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akipewa pande la kwanza. Kwao mkubwa hakatiwi nyama vipandevipande kama mtoto. Huwekewa pande zima juu ya wali, analichana mwenyewe kwa mkono, wengine wakingoja.

Heshima nzuri, ila mama mkwe alikuwa amebakiwa na meno ya mbele tu, tena machache. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo. Siku ya Idi nilimwona anachana pande lake, anatafuna, anatafuna, kisha anakitema kile alichotafuna katika ncha ya kanga. Akasema ameshiba. Jioni akaniambia nisimwekee nafasi kesho kwenye sinia, atakula uji chumbani. Roho iliniuma. Mwanamke yule mwenye maneno yake makali angeishia kula peke yake kwa ajili ya ng'ombe mzee!

Nilibaki jikoni na paja lililochemshwa, nikachukua kisu. Kwanza nilikata kufuata nyuzi, vipande vyembamba kabisa, nikidhani wembamba ndio dawa. Nilipokibana kimoja kwa ulimi na kaakaa, bila meno, kilikuwa kamba tupu. Hapo ndipo nilipoiangalia nyama vizuri. Nyuzi zake zilikuwa zimelala upande mmoja, kama fungu la katani. Mkono ukichana hufuata nyuzi hizo hizo, zinabaki ndefu, na kazi ya kuzikata inaachiwa meno. Nikaligeuza paja, nikakata kukingama, kisu kikipita juu ya kila uzi. Sasa nyuzi zilikuwa fupi, hazina cha kushikilia. Kipande kikaachana mdomoni chenyewe.

Siku ya pili wakaja mawifi zangu. Nilipasha nyama, nikaacha pande lipoe kidogo lisije likavurugika, nikanoa kisu na kulikata kukingama, vipande vyembamba. Kisha nikavibana pamoja vikarudi kuwa pande zima, nikavimwagia mchuzi mzito. Nikaenda chumbani.

"Mama, wageni hawawezi kuanza bila wewe."

"Nimeshakwambia, mkamwana."

"Basi njoo uchane tu, wapate kula."

Akaja, uso umekunjwa. Aliposhika pande, likaachia kwenye vidole. Akanitupia jicho, nikajifanya natazama wali. Akala. Akachukua tena.

"Ng'ombe wa mwaka huu kijana," alisema kwa sauti, wote wasikie.

Mawifi, mashavu yamejaa nyama ya chungu kile kile, walitazamana wakiendelea kutafuna.

"Kijana kabisa, mama," nikasema.

Akafinyanga tonge la wali na nyama, akaninyooshea mbele ya binti zake wote, akanilisha kwa mkono wake.