Mkono wa Kuazima katika Barua ya Bibi

Kila Julai upepo wa Hanang ulituletea harufu mbili kwa pamoja: makapi makavu ya ngano na moshi wa dizeli. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Balangdalalu, nje kidogo ya mpaka wa mashamba ya ngano ya serikali, na msimu wa kuvuna ulipofika tulizisikia kombaini zikinguruma tangu umande haujakauka. Baba alikuwa dereva wa trekta huko. Alipofariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, tukabaki wanne: mimi Paskalina, miaka kumi na mitano, niliyekuwa nimeacha shule darasa la sita, Safari aliyechunga ng'ombe wetu wawili, Martha aliyekuwa bado anasoma, na Yosefu, kitinda mimba, miaka mitano.

Baba mdogo wa Endasak alitaka tugawanywe. Safari aende kwake, Martha kwa shangazi Masakta, na Yosefu kwa yeyote atakayemtaka. Aliyezuia ni bibi, mama yake baba, aliyeishi Mbulu juu, mbali na sisi kwa siku nzima ya basi kama njia haijaharibika. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kumkatalia safari. Alituma neno moja: watoto wakae kwanza, na Paskalina aniandikie kila mwezi nijue wanaishi vipi.

Kwa hiyo niliandika. Nilichomoa karatasi ya katikati ya daftari la Martha, ile ambayo ukiitoa nyingine hazilegei, nikaanza kama tulivyofundishwa: shikamoo bibi, sisi huku ni wazima, hofu ni juu yako. Kisha nikaeleza yetu. Ng'ombe mwekundu amezaa. Martha ameng'oka jino. Mvua imeharibu maharage ya upande wa chini. Bibi hakujua kusoma, wala Kiswahili hakikumkaa sana, hivyo juu ya bahasha niliandika sanduku la posta la parokia yao na chini yake, kwa mkono wa katekista. Katekista alimsomea Jumapili baada ya ibada, akiligeuza kila neno kuwa Kiiraqw, na bibi alidai asomewe mara mbili. Lakini kulikuwa na sehemu asiyohitaji kusomewa. Mwisho wa kila barua kila mmoja wetu alilaza kiganja cha kulia kwenye karatasi, nami nikazungushia kalamu. Aliagiza hivyo mwenyewe. Aliweka mkono wake juu ya ile michoro, mmoja baada ya mwingine, akasema anatushika.

Julai ya mwaka wa pili nilikwenda kuokota masazo. Kombaini ikipita huacha masuke, na sisi wanawake tuliingia nyuma yake na magunia, jicho moja kwa ngano na jingine kwa mlinzi. Safari alikuwa malishoni, Martha shuleni. Nilimwacha Yosefu peke yake asubuhi ile, nikamwambia asitoke uani. Sufuria ya uji niliiacha juu ya mafiga, moto nikiwa nimeufukia majivu. Nilirudi jua la saa sita, nikamkuta kwa jirani yetu mama Gidahana, mwanamke wa wafugaji, mkono wa kulia umevuliwa ngozi na uji wa moto, kama kiazi kilichochemshwa. Halii tena. Ananiangalia tu.

Zahanati walimpaka dawa ya buluu, wakamfunga bendeji. Wiki ile ilikuwa ya barua. Nilikaa na kalamu nikijua kwamba baba mdogo akisikia, habari yetu imekwisha. Nikaandika ndama anaendelea vizuri. Nikachora mkono wangu, wa Safari, wa Martha. Kisha nikamwita Gidahana, rika la Yosefu, nikamwomba alaze kiganja.

"Haya, mwanangu anakwenda Mbulu bila nauli," mama yake akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Wewe msichana, huyo bibi yako ni kipofu?"

"Haoni mbali, mama."

"Mkono wa mtoto hauonwi mbali."

Niliituma hata hivyo.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, mwandiko wa katekista, mistari michache. Bibi anasema ameweka karatasi mpya juu ya zile za zamani. Kidole cha mwisho cha Yosefu kimepinda kwa ndani tangu kuzaliwa, kama cha marehemu babu yake, na cha karatasi hii kimenyooka. Anasema ni mkono mzuri lakini si wa mjukuu wake. Anauliza Yosefu amezikwa lini. Hapa katekista aliongeza lake: andika haraka, bibi amekataa chakula.

Nilisimama mlangoni na ile karatasi, Yosefu akicheza na ndama mbele yangu, mzima, na kule Mbulu ameshaliliwa. Nilikuwa nimemfanyia hivyo mimi. Kuandika kweli kungetutenganisha. Kunyamaza kungemuua bibi. Nilikaa chini nikaandika yote: asubuhi niliyoondoka, moto nilioufukia vibaya, kwamba nilimwacha peke yake kwa ajili ya nusu gunia la masuke. Kisha nikafungua bendeji. Vidole vitatu vilikuwa vimeanza kushikana, havikufunguka. Yosefu aliuma kola ya shati lake, nami nikauzungushia kalamu ule mkono kama ulivyokuwa, umejikunja kama ngumi.

"Bibi ataukataa?" aliuliza.

"Atajua ni wako."

Sikungoja posta. Nilitembea mpaka Katesh, nikamkabidhi kondakta wa basi la Mbulu, nikamwelekeza parokia mara tatu mpaka akanikasirikia. "Dada, barua hii ina dhahabu? Nimesikia!"

Siku ya tisa baba mdogo alifika kwa baiskeli, akakataa kuketi. Alikuwa na barua ya bibi, imefungwa. "Mama ameagiza uisome wewe, mbele yangu," alisema. Alikuwa ameshamwambia Safari akusanye nguo. Niliifungua, nikaisoma kwa sauti. Bibi anasema ameushika mkono na anamshukuru Mungu. Yosefu aje kwangu, hospitali iko karibu, akae mpaka vidole vifunguke. Waliobaki wasiguswe. Paskalina amenidanganya mara moja, kisha ameniandikia neno ambalo lingemponza. Watoto nawaacha kwake.

Baba mdogo alichukua barua, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho. "Basi," alisema, "mfungie huyo mdogo nguo zake."

Yosefu alikaa Mbulu miaka miwili. Vidole viwili vilifunguka, kimoja hakikufunguka. Aliporudi aliniamkia shikamoo kwa adabu ya mgeni, akaongea Kiiraqw cha bibi zaidi kuliko Kiswahili chetu, na usiku wa kwanza hakutaka kulala karibu nami. Ilinichukua msimu mzima kumpata tena. Sikuwahi kumlalamikia bibi kwa hilo.

Sasa kombaini za serikali hazipo, na sehemu ya mashamba yale watu wanalima mahindi. Barua hatuandikiani. Wanangu wana simu, wananipigia kutoka Arusha na Babati wakati wowote wakitaka, na sauti inafika hapo hapo, jambo ambalo bibi asingeliamini. Lakini simu yenyewe ni dakika mbili: shikamoo mama, sisi wazima, haya mama, baadaye. Juzi binti yangu alisema hivyo hivyo. Sikuaga. Nilinyamaza na simu sikioni, nikamsikia anapumua, mpaka akasema, "Mama, mtoto ana homa siku ya tatu leo."

"Haya," nikamwambia. "Anza mwanzo."