Mstari wa Mama

Mimi ni mtu wa kujisifu, na shiti yangu ya kazi, jedwali la kwenye kompyuta, niliisifu mpaka wenzangu wa ofisini wakanichoka. Ina safu ya kazi, ya tarehe, ya hali na ya maelezo. Nyuma yake niliandika skripti, yaani programu fupi, nikaitegea saa: kila asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, iamke yenyewe, ichague mistari yote yenye tarehe ya leo ambayo sijaiandikia "tayari", initumie muhtasari kwa barua pepe. Napiga mswaki hapa mtaani Soweto, Mbeya, simu inalia, mambo ya leo haya hapa. Raha iliyoje!

Mama anaishi Iringa na mdogo wangu wa kike. Siku za kliniki yake ya presha nilizijaza humo, kisha Jumamosi moja nikaongeza anwani ya mdogo wangu kwenye skripti, baada ya yangu, ili naye akumbushwe. Nikasahau kuweka sharti kwamba yeye apate mistari ya kliniki tu. Ikampelekea kila kitu, kama inavyonipelekea mimi. Barua yangu ilikuja vilevile kama siku zote, ningejuaje?

Jumapili nikampigia mama baada ya ibada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Akaishia hapo. Mama yangu huyu, ambaye kwa kawaida hata sijavuta pumzi ameshafika kwenye habari za shamba!

"Viazi vinaendeleaje?"

"Vipo. Dakika zako zisije zikaisha."

Nikacheka kijinga. Akampa simu mdogo wangu. Nikamuuliza mama ana nini, naye akatoka nje kabla ya kujibu.

"Kaka, si umetuma mwenyewe ile barua ya asubuhi? Mama alisikia umeandika, akafurahi, akaniambia nimsomee. Nimesoma hadi mwisho ndipo nikashtuka."

Nikafungua barua ya asubuhi. "Mpigie mama. Dakika kumi. Akianza habari za viazi, aga."

Mungu wangu! Uso uliniwaka nikiwa peke yangu chumbani. Na si Jumapili hiyo tu. Nilikuwa nimeuburuta mstari huo chini, ukajinakili kwa Jumapili zote mpaka Krismasi, maelezo yaleyale.

Skripti niliirekebisha kabla chai haijapoa. Kumwomba mama radhi ndiko kulikonishinda. Niliona aibu, nikazungukazunguka, hadi Jumatano nikampigia nikiwa kazini.

"Kuna nini?" akapokea kwa hofu. "Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nimekupigia tu. Nisamehe kwa yale niliyoandika."

"Aa, yameisha hayo. Una kazi nyingi, najua."

"Niambie habari za viazi."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikadhani anaanza.

"Leo si Jumapili, baba," akasema kwa upole kabisa. "Endelea na kazi." Akaaga yeye kwanza.