Kadi yangu ya Ufaransa iliishia Mayotte, mwanangu akapasuliwa Réunion

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mzaliwa wa kata ya Nanyala, kazi yangu wakala wa forodha hapa Tunduma. Watu wa boda mnatujua, tunajiona tunaijua mipaka kuliko waliochora ramani. Ndicho kilichoniponza.

Nilioa mdada wa Mayotte, anaitwa Zalihata. Tulikutana Kariakoo akinunua vitenge. Baada ya ndoa nikamfuata kwao kwa viza halali kabisa.

Kwa asiyejua, Mayotte ni kisiwa jirani na Komoro. Wenzao wa visiwa vitatu vya Komoro walipochukua uhuru miaka ya sabini, wao walipiga kura kubaki na Ufaransa. Kwa miaka mingi kikawa eneo lenye hadhi yake ya peke yake. 2009 wakapiga kura tena, na 2011 kikawa mkoa wa Ufaransa, kama kilivyo kisiwa cha Réunion kule jirani na Morisi.

Wana prefe, yaani mwakilishi wa serikali anayeletwa kutoka Ufaransa. Wana wabunge wao Paris. Bendera ileile, pesa ni yuro. Lugha yao inakaribiana na Kiswahili, nikazoea haraka.

Nikapewa kadi ya ukaazi imeandikwa Jamhuri ya Ufaransa. Moyoni nikasema hapa nimemaliza.

2012 binti yetu Nasra, bado mdogo sana, akakutwa na uvimbe tumboni. Daktari akasema upasuaji ule pale haufanyiki. Angepelekwa Réunion kwa gharama za serikali, na mzazi mmoja wa kumsindikiza.

Akaenda mama yake. Mimi nikajinunulia tiketi niwafuate. Kabla hawajaondoka, Nasra aliniuliza kama nitakuwepo akiamka baada ya upasuaji. Nikamwahidi nitakuwepo.

Uwanja wa ndege, dada wa kaunta akaigeuza kadi yangu, akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, hii ni ya Mayotte tu. Huwezi kupanda."

Nikamuuliza, "Kwani Réunion si Ufaransa?"

"Ni Ufaransa. Lakini sheria ya wageni ya hapa ni ya hapa. Mgeni mwenye kadi ya hapa akitaka Réunion au Paris, anaomba ruhusa kwa prefe, inabandikwa kwenye pasipoti kama viza."

Nikamwambia mwanangu ni Mfaransa kwa mama yake.

"Ndiyo maana yeye amepita," akasema.

Wakuu, sikuondoka. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu, watu wananiruka na mabegi yao.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Kuwa mkoa maana yake sheria nyingi za Paris zinafika kisiwani moja kwa moja, lakini kuna mambo kisiwa kimewekewa yake. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa chake. Sheria ya wageni ilikuwa yake, kwa sababu wengi wanaingia kwa boti ndogo kutoka Komoro na serikali haitaki waendelee mbele. Raia anakwenda anakotaka. Mgeni, hata mwenye karatasi safi, anabaki kisiwani.

Na kinachoniuma, mbona hili nililijua kwa bidhaa? Runinga ikishalipiwa ushuru Zanzibar, ukiileta Dar forodha wanakudai tofauti ya ushuru uliobaki. Nchi moja, lakini maji yakishavukwa kuna hesabu nyingine. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu naye anaweza kushughulikiwa kama runinga.

Nikaenda ofisi ya prefe na barua ya hospitali, cheti cha ndoa na anwani ya watu watakaonipokea Réunion. Foleni inaanzia nje, juani. Nikiwa humo Zalihata akapiga simu. "Baba Nasra, wameshamwingiza." Sikutoka kwenye mstari, maana ukitoka umeanza upya. Nililia nimesimama, na hakuna aliyenishangaa.

Alhamdulillah, upasuaji ulikwenda vizuri. Viza ilitoka wakati wao wanafungasha kurudi. Ipo mpaka leo kwenye pasipoti yangu, haijatumika.

Sasa tumehamia Tunduma. Juzi nimemwona Nasra anavuka mpaka na wenzake kwenda Nakonde, nchi nyingine kabisa, kwa shangazi yake, wanakula miwa, hakuna aliyewauliza chochote.

Nilichojifunza: ukienda kuishi kwenye kisiwa cha nchi ya mbali, usiangalie bendera. Uliza karatasi yako inaishia wapi, na uulize kabla hujaumwa wala kuuguza.

Mlioko huko, mniambie kama bado iko hivyo.

Na mnisaidie na moja. Nasra bado ananiuliza kwa nini alipoamka sikuwepo. Nimemweleza kadi, nimemweleza prefe, nimemchorea na visiwa. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Lakini mama alikuja."

Mngekuwa nyie mngemjibuje?