Shikamoo ya Kitinda

Mume wangu ni mwoka mikate wa zamu ya usiku. Anarudi asubuhi nyusi nyeupe kwa unga, anavua viatu mlangoni, anasema "za hapa," mimi najibu "nzuri, pole na kazi," na hapo maneno yake ya siku yanakuwa yamekaribia kuisha. Si kwamba ni mtu wa kununa. Amechoka tu. Tanuri limemchosha, na kwa muda sasa kifua nacho kinamchosha. Akilala mchana nasikia kikikoroma kama cherehani yangu ikikosa mafuta.

Daktari alishasema aachane na usiku na joto la tanuri, apewe kazi ya mchana ya kupanga na kufunga mikate. Jambo dogo. Anayepanga zamu pale kiwandani ni msimamizi, na msimamizi ni mjomba wake wa damu. Ungedhani basi, mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza, maana huwezi kumwendea mtu na shida yako kabla ya salamu, na hao wawili hawasalimiani.

Huyo mjomba tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa bibi. Bibi alimzaa wakati mume wangu, mjukuu wake, anakimbia uani na kuvunja sahani. Kwa hiyo mpwa ni mkubwa, mjomba ni mdogo, na wote walilelewa nyumba moja, mkeka mmoja. Sasa nani amwamkie nani? Kwa umri, Kitinda ndiye wa kusema shikamoo. Kwa ukoo, mjomba ni kama mama, hata akiwa bado ananyonya, na mpwa ndiye wa kusema. Wakiwa watoto walipigana ngumi juu ya jambo hilo, kila mmoja akimkaba mwenzake atoe shikamoo.

Bibi alichoka na vumbi. Akawakataza shikamoo kabisa, wao kwa wao. Akasema: anayeingia ndiye amsalimu aliyemo ndani. Anayepita ndiye amsalimu aliyekaa. Umri na ujomba waviache mlangoni na kandambili. Salamu yenyewe iwe "habari," na jibu "nzuri," basi. Wakaishi hivyo mpaka wakaota mvi. Mimi niliolewa nikaikuta sheria hiyo, nikacheka peke yangu jikoni. Mimi kwangu ni rahisi: mjomba wa mume ni mkwe, nampa shikamoo yake nikipiga goti kidogo, anaitikia "marahaba" haraka haraka huku akitazama pembeni, maana anajua nimemzidi umri. Mdomo haulipiwi kodi.

Kisha Kitinda akapewa usimamizi.

Asubuhi yake ya kwanza aliingia na koti jeupe lililonyooshwa vizuri. Vijana wote wakaacha kazi: "Shikamoo, bosi!" Kazini ndivyo ilivyo, mkubwa akiingia walio chini yake ndio wanaoanza, hata kama yeye ndiye mgeni wa mlango. Mume wangu alikuwa mbele ya tanuri, anavuta trei kwa ule mti mrefu. Akangoja. Yeye ndiye aliyemo ndani, na aliyeingia ndiye wa kusema, bibi alishaamua. Kitinda naye akasimama, anangoja. Angeanza yeye kumsalimu mfanyakazi wake mbele ya vijana siku ya kwanza, wangemwonaje? Mikate ikatoka, ikawekwa mezani, na hakuna aliyefungua kinywa. Kitinda akapita.

Kesho yake kila mmoja alikuwa ameudhika kidogo, na kesho kutwa kidogo zaidi. Zamu ya mume wangu inaisha Kitinda anapoingia, kwa hiyo kila siku Kitinda ndiye mwingiaji. Mvua zikaja zikaondoka, hao bado wamekausha.

"Nenda ukamwombe," nikamwambia mume wangu. "Kifua hicho si cha kuchezea."

"Nimwombe bila salamu? Kama mwizi?"

"Basi msalimie."

"Yeye ndiye anayeingia."

"Basi niende mimi."

"Unibebe mgongoni kabisa, mama. Ndiyo iliyobaki."

Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa shati juu chini. Watu wazima wawili! Lakini usiku mmoja wa mapumziko alikohoa mpaka akashikilia ukuta, na kulipokucha alikuwa amekaa kitandani, amefikiri.

"Nitakwenda kwake nyumbani," akasema. "Yeye yumo ndani, mimi ndiye ninayeingia. Nitapiga hodi, nitasema habari za hapa. Hapo sijapoteza kitu."

"Kweli hujapoteza," nikasema, nikafunga kanga yangu haraka kabla hajabadili mawazo.

Kitinda anakaa juu, mwisho wa ile barabara ya mawe. Njia hiyo mume wangu alikuwa akiipanda huku anapiga mluzi. Siku hiyo tulipita duka la kwanza akanyamaza, tukapita la pili akanishika bega. Kwenye daraja dogo la mtaro alikaa kwenye ukingo, mdomo wazi, mikono magotini.

Hapo nikamwona Kitinda anashuka. Hana koti jeupe, yuko na shati la nyumbani na kandambili. Mpango wetu wote ulikuwa wa mlangoni, na hapa barabarani hapana mlango. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia, kisha akamtazama mume wangu. Alimtazama kwa muda: nywele, mashavu yaliyoingia ndani, kifua kinavyopanda na kushuka. Sheria ya bibi ilikuwa wazi, mpitaji amsalimu aliyekaa. "Habari" moja ingetosha.

Kitinda akainama kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Si kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningemrukia. Aliisema taratibu, jinsi unavyomwamkia mzee uliyemkuta amepumzika njiani.

Mume wangu akainua uso. Akavuta pumzi.

"Marahaba," akasema.

"Nilikuwa nakuja kwenu," Kitinda akasema. "Nilisema leo niingie mimi, nisalimie, kule hakuna vijana wa kututazama." Akajifuta uso. "Wiki ijayo uanze kuingia asubuhi. Utakaa kwenye kufunga mikate."

"Sijakuomba bado."

"Najua."

Akatushika mikono, akageuka, akapanda mlima wake. Alipanda upesi, hata hakupumzika.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu: utalala usiku kama watu, kifua kitapona, tutakula pamoja. Mume wangu alishuka polepole. Tulipofika alikaa mlangoni, hakuvua viatu.

"Mbona hivyo?" nikamuuliza. "Umepata zamu, na shikamoo yako umepata. Si ndiyo uliyokuwa unampigia ngumi tangu utotoni?"

"Niliitaka ya mkubwa," akasema. "Leo amenipa ya mzee."

Nikachuchumaa, nikamfungua kamba za viatu.